Ndani ya Shilingi 5,800 Mna Kodi Ngapi?

Tuchukue fundi wa rangi wa Mombasa aliyenunua rangi na brashi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mkononi ana karatasi ndogo yenye jina la duka, tarehe, na tarakimu moja tu ya maana: jumla, shilingi 5,800. Chini yake pameandikwa kwamba bei imejumlisha VAT. Mwenye nyumba anayempa kazi anamwambia, “Fundi, niandikie bei ya rangi peke yake, na kodi uiweke mstari wake.”

Fundi anajua kwamba VAT nchini Kenya ni asilimia 16. Anatoa simu, anafungua kikokotoo, anaandika 5800, kisha alama ya kutoa, kisha 16, kisha alama ya asilimia. Simu inamjibu 4,872. Basi anaandika: rangi shilingi 4,872, kodi shilingi 928. Anajumlisha ili kujihakikishia, inarudi 5,800 kamili. Anaridhika na kumkabidhi mwenye nyumba karatasi.

Hesabu hiyo si sahihi, na ubaya wake ni kwamba haionekani. Ukitoa kiasi chochote kutoka 5,800 kisha ukakirudisha, lazima upate 5,800, hata kama kiasi hicho ulikiokota barabarani. Kujumlisha kwa namna hiyo hakuthibitishi lolote. Jibu la kweli ni rangi shilingi 5,000 na kodi shilingi 800.

Kosa liko wapi? Liko katika swali ambalo fundi hakujiuliza: asilimia 16 ya nini? Asilimia haisimami peke yake, daima ni sehemu ya kitu fulani. Sheria ya VAT inaitoza juu ya thamani ya bidhaa kabla ya kodi. Mwenye duka alianza na rangi ya shilingi 5,000, akatafuta asilimia 16 ya hizo 5,000, akapata 800, akaziongeza juu. Fundi naye amechukua asilimia 16 ya 5,800, yaani ya rangi pamoja na kodi yake. Ameitoza kodi yenyewe kodi. Utaona hivyo ukizitazama tarakimu zake: asilimia 16 ya 5,000 ni 800, na asilimia 16 ya zile 800 ni 128. Jumlisha 800 na 128, unapata 928, kiasi kilekile alichokiandika. Zile 128 ni kodi juu ya kodi, na hakuna aliyemtoza.

Njia ya kuthibitisha, basi, ni kurudi kwa njia aliyopita mwenye duka. Chukua bei uliyoipata, izidishe kwa asilimia 16, ongeza, uone kama unafika kwenye jumla ya risiti. Asilimia 16 ya 4,872 ni 779.52, na zikiunganishwa zinakuwa 5,651.52. Tumepungukiwa na karibu shilingi 150, kwa hiyo 4,872 haiwezi kuwa bei ya awali. Asilimia 16 ya 5,000 ni 800, jumla 5,800. Hapo tumefika. Uthibitisho huu unafanyika kwa sekunde chache, na ndio pekee ninaouamini kwa hesabu ya aina hii.

Sasa tuione njia yenyewe. Ifikirie bei ya bidhaa kabla ya kodi kuwa ni sehemu 100. Kodi inaongeza sehemu 16. Mnunuzi analipa sehemu 116. Kwa hiyo zile 5,800 za risiti si sehemu 100, ni sehemu 116, na kazi yetu ni kutafuta sehemu 100 zilizomo ndani yake. Gawa 5,800 kwa 116 upate sehemu moja, ambayo ni shilingi 50. Zidisha 50 kwa 100, bei ya rangi ni 5,000. Zidisha 50 kwa 16, kodi ni 800. Wahasibu hufupisha hatua hizi mbili kuwa moja, wakigawa jumla kwa 1.16. Kwenye kikokotoo unaandika 5800 ÷ 1.16 na jibu linatoka papo hapo, bila kugusa kitufe cha asilimia. Kitufe hicho ndicho kinachowapotosha wengi: ukiandika namba, alama ya kutoa, 16 na alama ya asilimia, vikokotoo vingi vya dukani na vya simu huchukua asilimia 16 ya namba ile uliyoanza nayo, yaani ya jumla.

Kuna njia ya kichwani ambayo naipenda zaidi, kwa kuwa haihitaji simu. Namba 100 na 116 zote zinagawanyika kwa 4, zikawa 25 na 29. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 29 unazolipa kwa bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia 16, shilingi 25 ni za bidhaa na shilingi 4 ni za serikali. Umelipa 290? Kodi ni 40. Umelipa 2,900? Kodi ni 400. Umelipa 5,800, ambayo ni mara mbili ya 2,900? Kodi ni 800. Ukizoea hizi 29, utaweza kukadiria kodi iliyomo katika risiti yoyote ukiwa bado umesimama mbele ya keshia. Makadirio tu yanatosha kukuonyesha kwamba 928 katika 5,800 si sawa.

Kanuni haibadiliki kwa nchi nyingine, kinachobadilika ni kiwango. Tanzania Bara na Uganda, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 18, utagawa kwa 1.18, na katika kila shilingi 59 kodi ni 9. Oman, iliyoanza kutoza VAT ya asilimia 5 mwezi Aprili 2021, utagawa kwa 1.05, na katika kila riali 21 kodi ni riali moja.

Mtu anaweza kusema shilingi 128 ni chai na mandazi tu. Lakini tofauti hii inakua pamoja na risiti. Ikiwa vifaa vya nyumba nzima vimegharimu 580,000, kodi ya kweli ndani yake ni 80,000, na anayetoa asilimia 16 moja kwa moja ataandika 92,800. Ameikuza kodi kwa shilingi 12,800, na wakati huohuo amewaonyesha wenzake kwamba vifaa ni vya bei nafuu kuliko ilivyokuwa. Kama fundi anawekea faida yake juu ya bei ya vifaa kabla ya kodi, amejipunja mwenyewe. Kama ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, anayeruhusiwa kuikata kodi aliyolipa kwenye manunuzi kutoka ile aliyokusanya kwenye mauzo, basi amedai kiasi ambacho hakukilipa, na siku Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, itakapolinganisha ankara za pande mbili, tofauti itajitokeza.

Kabla ya kugawa, itazame tarehe ya risiti. Kiwango kinachotumika ni kile kilichokuwapo siku ya mauzo, si kile cha leo unapofanya hesabu. Mwanzoni mwa janga la korona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha kuwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Kwa hiyo risiti ya 5,800 ya mwezi Juni 2020 inagawanywa kwa 1.14. Bei kabla ya kodi inakuwa 5,087.72, na kodi 712.28. Mafuta ya petroli nayo yana historia yake: kuanzia Septemba 2018 yalitozwa VAT ya asilimia 8, na mwezi Julai 2023 yakapandishwa hadi 16. Anayepanga risiti za miaka kadhaa kwenye faili moja na kuzigawa zote kwa 1.16 atapata majibu yanayopendeza macho na yasiyo kweli.

Ule mwaka wa 2020 ulileta pia lalamiko ambalo hesabu yetu inalitatua vizuri. Wateja walisikia kodi imepungua kwa asilimia 2, wakatarajia kila bei ya dukani ishuke kwa asilimia 2. Rangi iliyokuwa ikiuzwa 5,800, walitarajia ishuke kwa 116. Sasa turudi nyuma: bei kabla ya kodi ni 5,000. Kodi ya asilimia 14 juu yake ni 700. Bei mpya ya haki ni 5,700, yaani imeshuka kwa shilingi 100. Ile asilimia 2 ni ya bei kabla ya kodi, na bei hiyo haiandikwi kwenye rafu. Mwenye duka aliyeshusha 100 hakumdhulumu mtu. Aliyeiacha 5,800 palepale alikuwa ameongeza bei yake kimyakimya, na mteja angeweza kumwonyesha ni kiasi gani: 87.72.

Mpaka hapa tumeshughulika na kodi moja. Ugumu halisi unaanza pale jumla inapobeba tozo mbili, kwa sababu lazima ujue zimepangwaje: zimekaa bega kwa bega, au moja imekaa juu ya nyingine.

Chukua mkahawa jijini Nairobi. Katika hoteli na mikahawa mingi, pamoja na VAT ya asilimia 16 kuna tozo ya utalii ya asilimia 2, ambayo kwenye risiti huonekana kwa jina kama Catering Levy au CTL. Kwa kawaida risiti hizo hukokotoa tozo zote mbili juu ya bei ileile ya chakula. Zimekaa bega kwa bega. Basi sehemu 100 za chakula zimeongezwa 16 na 2, na mteja analipa sehemu 118. Mlo uliogharimu 2,360 unagawanywa kwa 1.18: chakula 2,000, VAT 320, tozo 40. Anayegawa kwa 1.16 peke yake atapata 2,034.48 na kudhani chakula kilikuwa ghali zaidi ya kilivyokuwa.

Sasa chukua muda wa maongezi wa simu. Tangu Julai 2023 huduma za simu na intaneti nchini Kenya hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, badala ya 20 wa awali, halafu VAT inatozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru huo ndani yake. Hapa moja imekaa juu ya nyingine, na hapa, kwa ruhusa ya sheria yenyewe, kodi inatozwa kodi. Huwezi kujumlisha 15 na 16 ukagawa kwa 1.31. Unavua tabaka kwa tabaka, ukianza na lile la juu lililovalishwa mwisho. Shilingi 100 gawa kwa 1.16, zinabaki 86.21. Hizo gawa kwa 1.15, zinabaki 74.96. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 za maongezi, huduma yenyewe ni kama shilingi 75, ushuru ni kama 11, na VAT ni kama 14. Nimeirudia hesabu hii mbele ya watu wengi, na bado kila mara kuna anayeomba aioneshwe tena.

Utajuaje kama zimekaa bega kwa bega au juu ya nyingine? Jumla peke yake haisemi. Itakubidi ujue utaratibu wa tozo husika, au upate risiti nyingine ya duka lilelile iliyochanganuliwa, ujaribu njia zote mbili uone ipi inazaa tarakimu zake.

Lipo pia jambo ambalo hakuna kugawa kutakakolitatua. Kapu la supamaketi lenye mchanganyiko wa bidhaa zinazotozwa VAT na zisizotozwa haliwezi kufumuliwa kwa jumla peke yake. Mkate wa kawaida na unga wa mahindi havina VAT, ilhali mafuta ya kupikia na sabuni vinayo. Mama amelipa 1,200 kwa vyote. Ukigawa 1,200 kwa 1.16 unapata kodi ya 165.52, lakini umeutoza mkate na unga kodi ambayo havikutozwa. Unahitaji kujua jambo moja zaidi. Ikiwa risiti imeonyesha, mahali popote, kwamba VAT yote ni 120, mlango unafunguka: 120 ni asilimia 16 ya bidhaa zilizotozwa, kwa hiyo gawa 120 kwa 0.16 upate 750. Ongeza 120, bidhaa hizo ziliuzwa kwa 870. Kilichobaki katika 1,200 ni 330, na hiyo ndiyo bei ya mkate na unga. Kama VAT haikuonyeshwa, tafuta herufi ndogo zinazochapwa pembeni mwa kila bidhaa. Huonyesha kundi la kodi, na ufafanuzi wake kwa kawaida huwa chini ya risiti. Soma ufafanuzi wa risiti hiyohiyo uliyonayo, usikariri herufi kutoka duka jingine.

Kuhusu senti niseme kidogo, kwa kuwa huwasumbua watu wanaopenda mahesabu yafunge. Bei nyingi hazigawanyiki vizuri kwa 1.16. Kitu cha shilingi 50 kina bei ya 43.1034 na kuendelea kabla ya kodi. Ukikadiria hadi senti mbili ni 43.10, na vitu vitatu vya namna hiyo ni 129.30. Lakini ukianza na jumla yake, 150, na kuigawa mara moja, unapata 129.31. Senti moja imejitokeza, na si kosa la mtu. Ni matokeo ya kukadiria mara tatu badala ya mara moja. Gawa jumla kwanza, kadiria mwisho, kisha ipate kodi kwa kutoa bei hiyo kutoka kwenye jumla, ili mistari miwili ifunge. Kwa anayetumia jedwali la kompyuta, jumla ikiwa kwenye seli A2:

```
=ROUND(A2/1.16,2)
=A2-ROUND(A2/1.16,2)
```

Mstari wa kwanza ni bei kabla ya kodi, wa pili ni kodi. Usifupishe kigawanyo kwa kuzidisha na 0.86, kama wanavyofanya baadhi ya watu kwa kuwa 1 gawa kwa 1.16 ni karibu na hiyo. Kwa 5,800 utapata 4,988, na shilingi 12 zimepotea bila sababu.

Jambo la mwisho linatangulia yote kwa uzito. Hesabu hii inafaa tu ikiwa kweli kulikuwa na kodi ndani ya bei. Nchini Kenya, mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanayostahili kodi hayafikii shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa VAT, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Ukinunua kwake kitu cha 5,800, bei ni 5,800, na hakuna cha kutoa. Kumgawia kwa 1.16 ni kubuni kodi ambayo haikufika serikalini. Kama una shaka, chukua namba ya PIN iliyo kwenye risiti uiingize katika PIN Checker ya tovuti ya iTax, uone kama VAT imo miongoni mwa wajibu wa kodi alioandikishwa.

Na hata alipokuwa amesajiliwa, tarakimu 800 uliyoipata kwa kugawa inakusaidia kujua, kupanga bei na kukagua, lakini si hati. Anayetaka kuikata kodi hiyo kwenye marejesho yake anahitaji ankara halali ya kodi iliyopita katika mfumo wa eTIMS, ikiwa na PIN yake kama mnunuzi. Fundi wetu akipeleka karatasi yenye jumla peke yake, hata kama pembeni ameandika 800 kwa usahihi wote, haitakubaliwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unanunua kwa ajili ya biashara, mtajie keshia PIN yako kabla hajafunga mauzo, na usiondoke kaunta mpaka uione bei, kodi na jumla, kila moja kwenye mstari wake.